Vipele vya ndevu shingoni haviishi: ni wembe, ni ngozi, au ni ninavyonyoa?

Mlinzi wa Zamu
Wakuu, habari za muda huu. Nina miaka 26 na ndevu zangu ni za kipilipili kabisa, zile zinazojikunja tangu zikiwa fupi. Nafanya kazi ya ulinzi, na kwetu ni sharti kidevu kiwe safi kila siku. Tangu nianze kazi hii miezi minane iliyopita, shingo yangu imejaa vipele kuanzia chini ya taya mpaka kwenye koromeo. Vingine vinawasha, vingine vina usaha kichwani, na vikikauka vinaacha doa jeusi.

Nanyoa hivi: kila alfajiri, wembe wa nyembe tano, nakaza ngozi kwa mkono wa kushoto, napitisha kushuka, halafu napandisha mpaka nikipapasa nisisikie kitu. Vipele vinavyonikera navibinya. Nimebadilisha sabuni mara tatu, hamna kitu. Kuna kinyozi kaniambia damu yangu ni chafu. Juzi nimeshindwa hata kufunga kifungo cha juu cha shati. Naombeni msaada.

Bwana Nyundo
Pole mkuu. Hivyo ni vijidudu tu. Wembe unakaa bafuni kwenye unyevu, unakusanya uchafu, asubuhi unajipaka shingoni. Loweka wembe kwenye spiriti, na ukimaliza kunyoa jipake spiriti hiyohiyo. Ikikuchoma ujue inafanya kazi. Mimi nafanya hivyo miaka yote na sina kipele.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Mlinzi, pole sana. Nafanya kazi kwenye kliniki ya ngozi na hili naliona kila wiki, tena kwa watu wasafi kabisa. Damu yako haina uchafu wowote, hilo liondoe kichwani leo.

Bwana Nyundo ana sehemu ya ukweli: wembe butu uliokaa na maji unaweza kuleta maambukizi, na kipele kilichokwishatoboka kinaweza kuingiliwa na vijidudu. Lakini chanzo hapa ni unywele wenyewe. Unywele wa kipilipili hautoki ngozini ukiwa wima. Kitundu chake chini ya ngozi kimepinda, na unywele unakua kwa kupinda vilevile. Ukiuacha mrefu hauna shida. Ukiukata kwa wembe, unabaki na ncha iliyochongoka kama mkuki uliokatwa mshazari. Siku moja au mbili baadaye ncha hiyo inatoka, inajikunja, na inarudi kuchoma ngozi pembeni kidogo ya pale ilipotokea. Mwili haujui kwamba huo ni unywele wake. Unauona kama mwiba, unaushambulia, na hapo ndipo uvimbe na usaha vinapotoka. Usaha huo mara nyingi hauna kijidudu hata kimoja.

Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ndiyo naiona kwenye maelezo yako. Unapokaza ngozi na kupitisha nyembe tano kwa kupandisha, nyembe za mbele zinauvuta unywele kidogo na za nyuma zinaukata. Ukiachia ngozi, kile kisiki kinarudi ndani, chini ya usawa wa ngozi. Sasa kikianza kukua kimepinda, hakipati mlango. Kinatoboa ukuta wa kitundu chake humohumo ndani, kabla hakijaona hewa. Kwa hiyo ile hali ya kupapasa usisikie kitu, ambayo unaona ndiyo kunyoa vizuri, ndiyo inayokupa vipele.

Nijibu mambo matatu kabla sijaendelea. Vipele viko mashavuni pia au shingoni tu? Ukisogea kwenye kioo mchana, unaona unywele ndani ya kipele? Na kuna sehemu ngozi inabanduka magamba kwa duara, au ndevu zinang'oka zenyewe ukizigusa?

Mlinzi wa Zamu
Nesi, asante sana. Mashavuni viko viwili vitatu, balaa lote ni shingoni. Magamba hakuna, na ndevu hazing'oki. Nimekwenda na kioo dirishani kama ulivyosema. Kwenye vipele vinne nimeona kama uzi mweusi umelala chini ya ngozi. Kimoja unywele umetoka upande mmoja na kuingia upande wa pili, umefanya kitanzi kidogo kabisa, unaweza kupitisha ncha ya sindano katikati. Nimeishi na shingo hii miezi yote na sikuwahi kukiona.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Basi ndicho chenyewe. Niliuliza magamba na kung'oka kwa sababu fangasi wa ndevu huanza hivyo, na huyo anataka dawa tofauti kabisa.

Hicho kitanzi usikibinye wala usikivute kwa kibano mpaka king'oke. Ukikibinya unasukuma uvimbe uende ndani zaidi. Ukiking'oa, mzizi utaleta unywele mpya wenye ncha kali ambao unaanza safari chini kabisa, na mara nyingi utapotea njia tena. Weka kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu kwa dakika kama tano au kumi. Chukua sindano mpya isiyotumika, pitisha ncha katikati ya kitanzi, inua upande ulioingia mpaka ncha itoke nje, basi. Uache umesimama hapohapo kwenye kitundu chake. Zile ambazo huzioni juu ya ngozi usizichimbe. Watu wanajichimba kwa sindano wakitafuta unywele, na wengine ngozi yao ina asili ya kuota makovu yanayovimba na kuendelea kukua. Kovu la aina hiyo shingoni ni taabu kubwa kuliko kipele.

Na sasa swali gumu: unaweza kuacha kunyoa kabisa kwa wiki nne hivi?

Tausi
Samahani kuingilia, jamani. Mimi ni mwanamke, na nina vinywele kama kumi na tano kidevuni vinavyojikunja. Nang'oa kwa kibano kila jioni, na vipele ni hivihivi, na madoa. Maelezo ya kung'oa yamenishtua. Kwa hiyo ninyoe? Niliambiwa nikipitisha wembe vitaota vinene kama vya mwanamume.

Kinyozi Mtulivu
Dada Tausi, hilo la kuota vinene halina ukweli, nakuambia kwa miaka kumi na mbili ya kushika mashine. Wembe hauugusi mzizi. Unywele ukikatwa unabaki na ncha pana, ndiyo maana ukiupapasa unauona mgumu. Unywele ni uleule.

Kwa Mlinzi, mimi naongeza la mikono. Wateja wengi wenye ndevu za kipilipili wakija na shingo iliyochacha, nawakatalia wembe. Natumia mashine na kuacha ndevu kama milimita moja, ile inayoonekana kama kivuli. Mteja anajipapasa na kusema "hujanyoa". Namwambia rudi wiki ijayo tuone. Na hata mashine usiikandamize. Wengine wanaifungua meno mpaka inakata sawasawa na wembe, wanaisukuma kwenye ngozi kama wanapiga pasi, halafu wanashangaa vipele vimerudi.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Tausi, karibu, hujaingilia. Kinyozi kasema kweli. Kwako pia bora kukata kwa mkasi mdogo au kikashine cha uso kuliko kung'oa. Ila nikuulize kitu kingine. Vinywele hivyo umekuwa navyo siku zote, au vimeanza kuongezeka hivi karibuni? Na hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Vikiwa vimeongezeka na hedhi inaruka, nenda ukapimwe homoni, maana hapo vipele ni sehemu ndogo ya habari.

Tausi
Vimeongezeka kama mwaka sasa. Na hiyo ya pili pia ni kweli. Nitakwenda. Asante kwa kuuliza, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mlinzi wa Zamu
Nesi, wiki nne kazini kwangu haiwezekani. Msimamizi anapita kwenye gwaride la asubuhi na kuangalia videvu kimoja kimoja.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Nakuelewa. Lakini nikueleze kwa nini nimeomba, halafu uamue. Vipele ulivyonavyo sasa vimebeba nywele zilizokwishaingia. Ukianza mtindo mpya wa kunyoa leo, hizo za zamani bado ziko ndani zinaendelea kuchoma. Ukiziacha ndevu ziote, wiki ya kwanza na ya pili hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu nywele fupi zote zinafika ule urefu wa kujikunja na kuingia. Wengi wanakata tamaa hapo na kurudi kwenye wembe, kumbe walikuwa wamebakiza kidogo. Unywele ukishafika karibu sentimita moja, unakuwa kama springi. Nguvu yake ya kujikunjua inaichomoa ncha yenyewe, bila sindano. Mpaka kufikia wiki ya nne au ya sita, nyingi zinakuwa zimetoka.

Nenda kwa daktari akuangalie, akuandikie barua kwamba kwa muda usinyoe kwa wembe. Usiombe kufuga ndevu, omba kuziacha fupi na nadhifu. Wasimamizi wengi wanakubali jambo likiwa na barua na lina mwisho.

Chipukizi
Wiki nne za nini wakati kuna krimu? Mimi nilipata krimu ya kuchanganya, ile inayouzwa ya fangasi, mba na muwasho vyote pamoja. Siku tatu tu vipele vimelala, ngozi imekuwa laini na imeng'aa. Nikiona vimeanza napaka tena.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Chipukizi, nakuomba uisome hii mpaka mwisho. Umepaka kwa muda gani sasa?

Chipukizi
Kama miezi mitano, karibu kila siku.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi kali ndani yake. Inatuliza uvimbe haraka, ndiyo maana siku tatu zinatosha kukushangaza. Unywele bado uko palepale, mwili umezuiwa kulalamika tu. Kule "kung'aa" ni ngozi inapungua rangi na kuwa nyembamba. Angalia kama mishipa midogo imeanza kuonekana, au vipele vimeanza kutoka sehemu usizonyoa, na kama ukiacha siku mbili uso unawaka. Ukiona hayo, ngozi imezoea. Usiiache ghafla peke yako, nenda kwa daktari wa ngozi na hiyo tyubu mkononi, akupunguzie kwa utaratibu. Haidrokotisoni nyepesi ya asilimia moja kwa siku chache kwenye kipele kilichovimba ni jambo jingine, hata sisi tunaitoa. Miezi mitano kila siku usoni hapana.

Chipukizi
Ukiacha siku mbili uso unawaka, hiyo ni kweli kabisa. Nilidhani ni ugonjwa umerudi.

Mzee wa Kofia
Mimi vyangu viko kisogoni, pale nywele zinapoishia. Ni vigumu, vimeungana kama punje za mahindi, na nywele hapo zimeanza kupungua. Nifanye haya haya ya maji ya vuguvugu na sindano?

Nesi Kliniki ya Ngozi
Hapana mzee, shikamoo. Hayo ya kisogoni ni jamaa wa karibu lakini si ugonjwa huu. Kule vipele vinageuka kovu mapema na kuua mizizi ya nywele, na sindano itaongeza. Kinachosaidia wewe kufanya leo ni kumwambia kinyozi asikunyoe kisogo karibu na ngozi wala asichonge mstari kwa wembe, na kuepuka kola na kofia zinazokusugua hapo. Halafu muone daktari wa ngozi mapema. Vikiwa vidogo vinatibika kwa dawa. Vikishaungana, wakati mwingine inakuwa kazi ya upasuaji.

Mzee wa Kofia
Marahaba. Nitaenda wiki hii.

Mlinzi wa Zamu
Marejesho, siku ya kumi na mbili. Barua nilipata, msimamizi kakubali mwezi mmoja ila kanitazama kwa jicho baya. Shingo imekuwa mbaya kuliko mwanzo, kama ulivyosema. Jana usiku nilishika wembe nikauweka chini. Naweka maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, na vile vitanzi vinne nimeviinua. Kimoja kilitoka kirefu kuliko nilivyodhani, kama nusu ya kucha. Kile kipele siku ya tatu kilikuwa kimekaa chini kabisa.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Umefanya vizuri kuuweka chini. Hizo ndizo siku zenyewe. Ukiona kipele kimoja kinakuwa kikubwa, cha moto, kinauma bila kuguswa, au unapata homa, usisubiri mwezi uishe. Hapo vijidudu vimeingia na Bwana Nyundo atakuwa na haki yake.

Bwana Nyundo
Nimesoma yote. Nakubali kuhusu unywele. Lakini mbona mimi nanyoa kwa wembe na spiriti na sina kitu?

Kinyozi Mtulivu
Mkuu, ndevu zako zikoje? Zinajikunja au zinalala?

Bwana Nyundo
Zinalala. Hazijikunji sana.

Kinyozi Mtulivu
Basi ndiyo hiyo. Wewe ungeweza kunyoa na maji matupu.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Na spiriti kwa mwenye vipele inakausha ngozi na kuichoma, juu ya kidonda kilichopo. Ngozi ikikauka na kukaza, unywele unapata shida zaidi kutoka.

Mlinzi wa Zamu
Wiki ya tano. Wakuu, shingo imelala. Nimehesabu vipele vitatu tu, vidogo. Kifungo cha juu kinafungika. Madoa meusi yapo palepale. Sasa mwezi umeisha, Jumatatu natakiwa kunyoa. Nianzeje nisirudi nilikotoka?

Nesi Kliniki ya Ngozi
Kwanza ujue ndevu zako zinalala wapi. Kabla hujagusa chochote, pitisha kidole shingoni taratibu kwa kila upande. Upande unaoteleza ndio zinakolala, upande unaokwaruza ni kinyume. Usidhani zinashuka zote. Shingoni mara nyingi zinakwenda pembeni, na kwa wengine kuna mahali zinapanda kuelekea kidevuni au zinazunguka kama kimbunga. Chora kwenye karatasi kama itakusaidia.

Chaguo la kwanza ni alilosema Kinyozi: mashine, milimita moja, bila kukandamiza. Ncha ikibaki juu ya ngozi, ile njia ya pili ya kutoboa ndani kwa ndani haipo tena. Mwombe msimamizi akuone hivyo. Akikubali, usitafute kingine.

Akikataa, tumia kinyoleo chenye wembe mmoja tu, mkali. Zipunguze kwanza kwa mashine. Nawa uso kwa maji ya vuguvugu, paka povu au jeli na uiache dakika chache, maana unywele ulioloa unavimba na kuwa laini, na unakatika ukiwa na ncha isiyochongoka sana. Mkono wa kushoto uweke mfukoni, ngozi isikazwe. Nyoa kufuata zinavyolala kwa mipigo mifupi, suuza wembe kila mpigo, na sehemu moja usiipitie zaidi ya mara mbili. Ukimaliza bado utapapasa kitu. Kiache. Maliza kwa maji baridi na losheni isiyo na manukato. Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, tupa.

Kinyozi Mtulivu
Nakubaliana na yote, ila mimi ningemwambia aruke siku, anyoe leo, kesho apumzike. Wateja wangu wanaoruka siku naona wanakuwa na shingo tulivu.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Hapo mimi na wewe tunatofautiana, na hata madaktari ninaofanya nao kazi hawana kauli moja. Ukiruka siku, ngozi inapumzika, hilo kweli. Lakini unywele nao unapata muda wa kufika urefu wa kujikunja na kuchoma. Wapo wanaopata nafuu kwa kunyoa kila siku juujuu tu. Mlinzi ajaribu wiki mbili hivi na wiki mbili vile, ahesabu vipele Jumapili kwenye kioo kilekile.

Tausi
Vipi zile krimu za kuyeyusha nywele, zenye harufu kama ya yai viza? Nimesikia hazileti vipele.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Zinasaidia kweli, kwa sababu zinauyeyusha unywele na kuuacha na ncha butu, laini. Tatizo ni kwamba haziwezi kutofautisha unywele na ngozi. Ukizidisha muda ulioandikwa kwenye kopo hata dakika mbili unaungua, na kuungua kwa ngozi yetu kunaacha doa. Jaribu kwanza mahali padogo chini ya taya, subiri siku mbili. Usipake juu ya kipele kilicho wazi, na usipake kila siku. Kuna unga wa kukoroga unaofanya kazi hiyohiyo. Ni mkali zaidi, ndevu ngumu zinauhitaji, kidevu chako hakihitaji.

Mlinzi wa Zamu
Na madoa? Na leza je, nimesikia inamaliza kabisa.

Nesi Kliniki ya Ngozi
Madoa yanapungua polepole kwa miezi, mradi vipele vipya visitoke. Daktari anaweza kukupa krimu ya usiku yenye tretinoini au asidi ya glikoliki. Inasaidia vyote viwili, doa na ile ngozi ngumu inayoziba vitundu, lakini inachubua mwanzoni, kwa hiyo anza usiku mmoja kwa kuruka. Mafuta ya kuzuia jua paka mchana, doa linachochewa na jua. Kujichubua usijaribu.

Leza inapunguza nywele zenyewe, na kwa wengine ndiyo iliyowaokoa. Kwa ngozi nyeusi uliza wanatumia aina gani. Inayofaa inaitwa Nd:YAG, ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake unapita ngozi bila kuikaanga rangi. Inataka kurudi mara kadhaa, wiki kadhaa kati ya mara na mara. Asiyejua kukujibu swali hilo asikuguse.

Mlinzi wa Zamu
Nimeonana na msimamizi leo na kidevu cha milimita moja. Kakitazama, kapapasa chake, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini nimefanyaje. Kumbe naye shingo ni hivihivi, kaificha kwenye kola. Kakubali nibaki hivi mpaka mwisho wa mwezi ujao, baada ya hapo hajasema. Shingoni upande wa kulia nimegundua ndevu zinapanda, na miezi yote nilidhani zinashuka. Jumapili nahesabu.